Mrejesho: maneno ya kadi ya wazazi wangu, miaka 40 ya ndoa

Niliuliza: "Wazazi wangu wanatimiza miaka 40 ya ndoa, niandike nini kwenye kadi kisichofanana na maneno ya dukani?"

Nawashukuru mlionishauri nitafute jambo moja wanalolitenda wao tu. Rasimu yangu ya kwanza, "Mungu awazidishie mapenzi", niliifuta, kwa kuwa ingemfaa hata jirani aliyeoa jana. Nikakumbuka kwamba baba, tangu alipokuwa akifanya kazi ng'ambo ya Likoni, hurudi kila Alhamisi na asmini zilizofungwa katika jani la mgomba, naye mama hulalamika kwamba zimenyauka, kisha huzitia nyweleni. Hivyo niliandika:

"Miaka 40 ya asmini za Alhamisi: Baba hajachoka kuzivusha kwa feri, na Mama hajachoka kusema zimenyauka huku akizivaa."

Awali nilikuwa nimeongeza hesabu ya Alhamisi zote, lakini dada yangu akasema kwamba hesabu inaua utani, nami nikakubali. Nilihakikisha kila mmoja ana tendo lake, maana kadi nyingi humsifu mama peke yake. Baba aliisoma kwa sauti. Mama akasisitiza kwamba zile za wiki iliyopita zilikuwa zimenyauka kweli.