Wamerudisha hela yangu kwenye akaunti iliyofungwa, sasa wanasema "tumeshalipa"!

Wakuu, nimechoka kuzungushwa. Nililipia friji 850,000 kwa benki, duka moja hapa Dar. Friji haikuja, wakakubali kurudisha hela. Kabla hawajalipa niliwaandikia imeili kwamba akaunti ya zamani nimeifunga, nikawapa namba mpya. Wakajibu "imepokelewa". Halafu mhasibu akatuma kule kule! Nikipiga simu naambiwa "kwetu inaonyesha imelipwa, fuatilia benki yako". Benki gani, na mimi sina akaunti kule? Nilikwenda hivyo hivyo, dada wa kaunta akasema hakuna kilichoingia. Hela yangu iko wapi?

kijana_wa_temeke: Hela ipo benki yako ya zamani, wanakuficha. Mimi akaunti yangu ililala muda mrefu, nikapeleka kitambulisho wakaifungua na hela nikaikuta.

mzee_wa_leja: Kijana, kulala na kufungwa ni vitu viwili. Iliyolala bado ipo. Iliyofungwa benki haina pa kuiweka hela, inairudisha benki iliyotuma pamoja na sababu, na mara nyingi kwenye ujumbe huo utakuta msimbo AC04, yaani akaunti imefungwa. Kwa hiyo mleta uzi, nadhani hela imesharudi dukani. Mhasibu haioni kwa sababu kwake malipo yameshafungwa, na iliyorudi imekaa tu kama pesa isiyo na mwenyewe hadi wasuluhishe hesabu za benki. Acha kubishana kama wamelipa. Omba tarehe na namba ya kumbukumbu ya muamala, kisha waambie wakague pesa zilizoingia kwenye taarifa yao ya benki kuanzia siku hiyo.

mama_kuku: Mimi nilikosea namba nikatuma kwa simu, mtu akala hela. Poleni.

mleta uzi: Pole mama, ila yangu siyo ya simu. Mzee, wakisema hawaioni?

mzee_wa_leja: Benki yao ndiyo iliyotuma, ndiyo inayoweza kuifuatilia, wewe kule huna sauti. Wewe chukua barua ya benki ya zamani inayoonyesha tarehe ya kufunga akaunti. Ambatisha na barua ya benki mpya yenye jina lako kamili, lifanane na la kwenye risiti. Wahasibu wanaogopa matapeli wanaobadilisha namba kwa imeili, kwa hiyo peleka mkononi na ugongewe muhuri kwenye nakala yako.

kijana_wa_temeke: Mpeleke BoT huyo!

mzee_wa_leja: BoT wanashughulika na mabenki. Duka ni Tume ya Ushindani.

mleta uzi: Nimeandika hivi: "Malipo yenu yalitumwa kwenye akaunti iliyofungwa baada ya mimi kuwapa namba mpya kwa maandishi. Naomba mlipe upya 850,000 kamili kwenye akaunti iliyoambatishwa. Kama mnadai pesa haijarudi, nipeni uthibitisho wa maandishi kutoka benki yenu." Kesho naipeleka. Ila makato ya kutuma mara mbili nani anabeba? Mimi sibebi hata shilingi.