Ile 50 ya juu kwa kila hisa naiandika wapi?

Salam aleikum jamaa, naombeni ushauri. Tuna kampuni ndogo ya mashua hapa Lamu, juzi tumetoa hisa mpya 2,000, bei ya usoni ni 100 lakini tumeuza 150, benki zimeingia 300,000. Mimi kwa daftari nimeandika 200,000 mtaji wa hisa na 100,000 shea primiamu, sasa mwenzangu ang'ang'ania eti hiyo laki ni faida tugawane gawio kabla ya Maulidi 😅 Mimi najua hiyo si mauzo ya safari, ni pesa ya wenye hisa, haigawiwi, labda itoke kama hisa za bonasi. Niko sawa ama? Na nimwelezeje aelewe bila kukosana?