Nisaidieni kunyoosha ujumbe huu kwa avalisti, usimtishe mama wa watu

Fifi_Kampemba: Bonjour ndugu. Niko ajenti wa krediti kwenye kopeki moja, ushirika wa akiba na krediti, hapa Lubumbashi. Papa mmoja muuza makala aliacha kulipa tangu 28 Februari. Tarehe 10 Machi tulimpa barua ya onyo, hakuitika. Imebaki dola 240 za mtaji, 18 za faida ya kawaida, na 12 za adhabu ya kuchelewa. Sasa katikati ya Mei mkubwa wangu anataka nitume meseji hii kwa avalisti wake, mama aliyemsimamia na kujifunga kulipa kama yeye hatalipa:

"Mama M., krediti haijalipwa. Kufuatana na dhamana yako, dola 270 zitakatwa kwenye akiba yako ndani ya saa 48. Asante kwa kutuelewa."

Yule mama anauza soko ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, akiba yake kwetu ni dola 310. Naona meseji inauma, lakini sijui niguse wapi.

Trezo_Katuba: Pole Mama M. Mimi nilimsimamia shemeji yangu kwenye likelemba, mchango wetu wa kupokezana, akakimbilia Kolwezi, nikalipa peke yangu miezi saba. Mwambie avalisti abadilishe namba ya simu, basi.

Fifi_Kampemba: Papa Trezo, mimi niko upande wa kopeki! Ninaandika meseji, siyo kuikimbia.

Ya_Gustave: Dada, hamwezi kugusa akiba ya mama mbele ya kuuza vitu vya mdeni. Pikipiki yake kwanza, friji yake, ndiyo mmfikie mama. Sheria ni hiyo.

Mzee_Kaponda: Ya Gustave, uko na nusu ya ukweli. Hayo ni ya dhamana ya kawaida. Chini ya sheria ya dhamana ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, ile ya 2010, ambayo inatuhusu tangu Congo iingie OHADA mwaka 2012, avalisti anahesabiwa kuwa amejifunga pamoja na mdeni, isipokuwa karatasi iseme vingine. Kopeki hailazimishwi kuuza friji kwanza. Inalazimishwa kumdai mdeni kwanza, na barua ya 10 Machi ilifanya hivyo.

Fifi, shida yako iko kwenye 270. Sheria inataka avalisti ajulishwe ndani ya mwezi mmoja baada ya onyo kwa mdeni kubaki bure, na aambiwe kiasi kilichobaki. Mlinyamaza miezi miwili. Adhabu zilizozaliwa kati ya siku mdeni aliposhindwa na siku mama anapopata habari, hamwezi kumdai yeye. Ondoa 12, inabaki 258. Kwa mdeni mwenyewe hiyo 12 inabaki palepale.

Halafu tazama karatasi ya dhamana: mama aliandika kwa mkono wake kiwango gani? Hamwezi kupita hapo.

Fifi_Kampemba: Aliandika dola 300, kwa namba na kwa maneno. Sawa, 258.

Mzee_Kaponda: Vizuri. Sasa maneno. "Dhamana yako" peke yake, mtu anayesoma haraka anafikiri krediti ni yake. "Zitakatwa" inasema mambo yamekwisha amuliwa. Sema "inaweza kuchukua hadi". Saa 48 kwa mtu anayelala sokoni ni nini? Mpe tarehe. Na "asante kwa kutuelewa" ifute, hajaelewa bado. Ningeandika:

"Mama M., krediti uliyoisimamia tarehe uliyotia sahihi kwenye kopeki haijalipwa tangu 28 Februari. Limebaki deni la dola 258: mtaji 240, faida 18. Akiba yako haijaguswa. Kama deni halitalipwa mpaka 30 Mei, kopeki inaweza kuchukua hadi dola 258 kwenye akiba yako. Pita ofisini mbele ya siku hiyo uone hesabu, au useme kama kuna jambo usilokubali. Uliza Fifi."

Mama_Belair: Ile "tarehe uliyotia sahihi" inachanganya, itoe. Na hamkutaja jina la mdeni? Mama anaweza kuwa amesimamia watu wawili.

Mzee_Kaponda: Haki yako juu ya tarehe, naifuta. Jina nililiacha kwa makusudi: simu ya mama inasomwa na watoto na majirani wa meza. Aambiwe ofisini.

Mama_Belair: Mimi ningeweka hata herufi ya kwanza. Akichanganya krediti, atakuja na hasira mara mbili.

Ya_Gustave: Na akilipa yeye, amepoteza?

Mzee_Kaponda: Hapana, anageuka mdai wa papa wa makala, kwa kiasi alicholipa. Kopeki impe karatasi ya malipo, bila hiyo hana la kuonyesha.

Fifi, jambo moja linanisumbua. Karatasi inasema mama "atalipa", au inasema pia kopeki inaruhusiwa kuchukua kwenye akiba? Ni vitu viwili.

Fifi_Kampemba: Mzee, ninakumbuka "ninajifunga kulipa" tu. Mstari wa akiba siukumbuki. Faili iko kwa mkubwa, nitaifungua kesho asubuhi. Meseji siitumi leo.

Trezo_Katuba: Kumbe hata kwangu kulikuwa karatasi?