Tupeane uzoefu: vitanza ndimi vya kutenganisha R na L, mlianza polepole vipi mpaka mkafika kasi?

Mzawa wa Magu: Wakuu, mimi nimekulia Magu, nyumbani ni Kisukuma tupu, Kiswahili nimekianza darasa la kwanza. R na L zinanichanganya mpaka leo. Mwezi uliopita nilisoma tangazo kanisani hapa Mwanza, badala ya kusema watu wanakaribishwa kwenye karamu nikasema "kalamu", mara mbili, na sikusikia kosa mpaka mama mmoja aliponiita pembeni. Natafuta vitanza ndimi vya kujinoa, ila vile vya mtandaoni vyote vinaanza kwa kasi na ulimi unagoma. Waliofanikiwa walianzaje?

Kijana wa Kirumba: Ulimi wako mzito tu mkuu. Weka kalamu kati ya meno usome gazeti kwa sauti, wiki moja utakuwa sawa.

Mwalimu Igoma: Kalamu menoni itamfanya afungue mdomo vizuri, hapo sikatai, lakini L haitageuka R kwa njia hiyo. Kisukuma kina L, R hakina, kwa hiyo sikio limezoea kuzihesabu kama sauti moja. Aanze na sikio. Mtu akae nyuma yako asikuonyeshe mdomo, ataje kura au kula, fahari au fahali, mahari au mahali, bila mpangilio, wewe useme umesikia ipi. Mimi wanafunzi wangu hawagusi kitanza ndimi mpaka wapate tisa kwenye kumi.

Halafu ndio ulimi. L unaweza kuivuta, "lllll", ncha imekaa juu nyuma ya meno na hewa inapita pembeni. R yetu haivutiki hivyo, ncha inagonga palepale mara moja na kutoka. Ukitamka "da-da-da" kwa wepesi sana, bila kukandamiza, utakuta inageuka "ra-ra-ra" yenyewe.

Mzawa wa Magu: Nimejaribu hiyo da-da-da sasa hivi kwenye daladala nikiwa nanong'ona, imetoka kweli! Sasa kitanza chenyewe?

Mwalimu Igoma: Hiki nimekitunga mwenyewe kwa ajili ya watu wa huku:

*Mahari ya fahali ni fahari mahali hapa.*

Angalia, ri, li, ri, li, zinapishana. Ina silabi 16. Chukua saa ya ukutani inayogonga, silabi moja kila sekunde, ikuchukue sekunde 16 nzima. Ukipita mara tatu mfululizo bila kosa, nenda silabi mbili kwa sekunde, yaani sekunde 8. Ikipita hiyo, sekunde 4, ambayo inakaribia mwendo wa kuongea. Ukikosea hata mara moja unarudi ngazi ya chini.

Wengi wanaangukia "fahari", kwa sababu "fahali" imetoka kupita na inaivuta. Hapo usirudie kuanzia mwanzo maana utakuwa unazoeza kosa lilelile, anza mkiani: "mahali hapa", kisha "fahari mahali hapa", kisha "ni fahari mahali hapa", unaongeza neno moja moja ukirudi nyuma.

Mama wa Buzuruga: Naomba kuuliza, mwanangu ana miaka mitatu anasema "halaka" badala ya "haraka", nimfundishe hiki?

Mwalimu Igoma: Dada, huyo mwache kwanza, R huchelewa kwa watoto wengi. Wewe mtamkie vizuri tu asikie.

Mkurya wa Sirari: Sisi mbona ni kinyume, kwetu R ndiyo imejaa, mimi nilikuwa nasema "kurara" badala ya kulala. Nilichojifunza, usizoeze sauti moja peke yake. Nilikomaa na L miezi miwili nikaanza kuiweka hata pasipotakiwa, nikawa nasema "balabala" na "habali" na nilikuwa naamini ndio nimenyooka.

Mzawa wa Magu: Hiyo ndiyo inanitokea sasa! Siku ya nne leo, sekunde 8 napita vizuri, ila jana dukani nimeomba "saburi" nikitaka sabuni. Hata N imeingia humo?

Mwalimu Igoma: N nayo inashika palepale nyuma ya meno, kwa hiyo ulimi ukiwa na pupa ya kugonga unaigonga hata hiyo. Usiende sekunde 4 bado. Kaa kwenye 8 siku mbili tatu zaidi.

Bibi wa Ukerewe: Mimi naona lafudhi ya mtu iachwe, mbona tunaelewana.

Mzawa wa Magu: Shikamoo bibi. Kuongea tunaelewana kweli, ila mimi ndiye ninayesoma matangazo, na Jumapili hii kuna harusi nyingine, neno karamu limo mara tatu. Nimeshaliandika pembeni, naanza nalo mkiani.