Eti "mhariri alipitia"! Makosa yote nilimtumia usiku, akaposti hivyo hivyo, leo lawama ni zangu

Kalamu Nyekundu (mwanzisha uzi):

Wakuu, nina hasira na sitaki kutulizwa.

Yule mtu mnamjua. Kila kundi la kazi linaye. Ukimwandikia ukurasa mzima anakujibu kwa kidole gumba, na "imekaa poa" anaisema picha haijamaliza kufunguka. Sasa asubuhi ya leo kaandika kwenye kundi, mteja akiwemo, wakubwa wote wakiwemo, maneno mawili tu: "Mhariri alipitia."

Mhariri ni mimi. Alipitia!

Kazi yenyewe ni posti ya Instagram ya slaidi sita, tangazo la semina ya ufugaji wa kuku wa mayai, Morogoro, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025. Nililetewa jana usiku. Nikaisoma yote, nikaandika kosa moja moja: slaidi ipi, mstari upi, isomeke vipi. Kwenye slaidi ya nne niliandika kwa herufi kubwa asije akasema hakuona: WEKA NAFASI BAADA YA "WASHIRIKI". Maana ilikuwa inasomeka hivi: "Washirikina wageni watapata chai na chakula cha mchana."

Washirikina wageni, jamani. Tena kwenye semina ya kuku! Akajibu kidole gumba. Asubuhi naamka, washirikina bado wapo na chai yao, na chini watu wanauliza kuku awe mweusi au mwekundu. Mteja anauliza nani alisoma hii kitu, na jamaa hata hajameza mate: "Mhariri alipitia."

Slaidi ya kwanza inasema Jumamosi 14 Juni, ya sita inasema Jumapili 14 Juni. Nilimwandikia. Slaidi ya tatu inasema "tunaanza saa 10:00 asubuhi", yaani kaiona 10:00 kwenye ratiba ya Kiingereza akaibandikia "asubuhi" mbele. Nilimwandikia kwamba ni saa 4:00 asubuhi, kwa sababu Mswahili akisoma saa kumi anajua ni alfajiri au jioni, hakuna ya tatu. Mama mmoja kapiga simu kutoka Kilosa anauliza kama kuna pa kulala, hawezi kusafiri usiku afike saa kumi alfajiri. Huyo mama nimwambie nini? Kwamba mhariri alipitia?

Na kuna hili sijalielewa mpaka sasa. Kwenye mafaili niliyopewa, namba ya simu chini ya slaidi ya sita ilikuwa nzima. Kwenye posti imekatwa katikati, inaonekana nusu ya juu tu, 8 na 9 huwezi kuzitofautisha. Namba mbili za mwisho ni 89. Hakuna anayejua apige ipi.

Alipitia. Nasema tena, kwa kidole gumba chake nilishapitia!

Mzee wa Kijiweni: Uzi mrefu hivi kwa ajili ya nafasi moja kati ya maneno mawili? Hama mtaa.

Dada wa Sinza: Mzee, nafasi moja imegeuza wafugaji kuwa wachawi. Mwache alie.

Kijana wa Data: Mbona rahisi mkuu. Bonyeza nukta tatu, nenda sehemu ya kuhariri, badilisha picha, maisha yaendelee. Insta inaruhusu siku hizi.

Fundi Mabango: Hairuhusu hivyo, dogo. Ukiingia kuhariri utabadilisha kapsheni, mahali, na watu uliowatagi. Picha iliyokwisha kupostiwa huiondoi ukaweka nyingine mahali pake. Unachoweza ni kufuta slaidi moja zikabaki zilizosalia. Kwa hiyo ya washirikina ungeifuta leo hii na posti ikaendelea kuishi. Shida ni ya sita, ndiyo yenye namba ya kujiandikisha, ukiifuta hiyo umebaki na tangazo lisilo na mlango.

Kalamu, kuhusu kukatwa kwa namba, jibu lipo. Kaangalie ukubwa wa slaidi ya kwanza. Naweka dau kwamba jalada lilitengenezwa mraba, 1080 kwa 1080, na hizo nyingine ni ndefu, 1080 kwa 1350.

Kalamu Nyekundu: Nimeangalia sasa hivi. Jalada ni mraba! Umejuaje?

Fundi Mabango: Kwa sababu slaidi ya kwanza ndiyo inayoamua umbo la zote. Ukianza na mraba, zote zinazofuata zinalazimishwa kuwa mraba. Ya 1350 inapoteza pikseli 270, yaani 135 juu na 135 chini. Na watu wengi namba ya simu wanaibandika huko chini kabisa ili ipendeze. Juu nako ukichunguza utakuta kichwa au nembo imenyolewa. Hii kwenye faili huwezi kuiona hata ukodoe macho usiku kucha, kwa sababu faili lenyewe ni zima. Inaonekana pale tu zinapopangwa kwenye simu kabla ya kuposti.

Ndiyo maana mimi ukaguzi wa mwisho siufanyii kwenye kompyuta. Nina akaunti ya majaribio, imefungwa, haina mfuasi hata mmoja. Naposti huko kwanza, natelezesha kama mteja, halafu naangalia na kwenye gridi jalada linaonekanaje. Kama namba ya simu ipo, naipiga nikiisoma kutoka kwenye slaidi. Siipigi kutoka kwenye majina yangu ya simu. Ikiita kwa mteja, sawa.

Kijana wa Data: Basi mtu aweke maandishi yote katikati ya mraba, haitakatwa popote.

Fundi Mabango: Kwa kesi hii ungepona, ni kweli. Ila huo ushauri ni wa enzi gridi ilipokuwa mraba. Tangu 2025 gridi ni ndefu, 3 kwa 4, kwa hiyo jalada la 1080 kwa 1350 linakatwa pembeni, kama pikseli 34 kila upande. Mtu anayeanzisha herufi ukingoni kabisa anakatwa hata kama katikati kuko salama.

Mhasibu Mstaafu: Nadhani hiyo posti nimeiona. Kama ndiyo hiyo, mna tatizo kubwa kuliko wachawi. Slaidi ya tano: ada 150,000, punguzo asilimia 20 kwa watakaowahi, lipia 125,000. Asilimia 20 ya 150,000 ni 30,000. Inabaki 120,000. Atakayelipa 125,000 leo kesho atadai 5,000 yake, na ana haki.

Kalamu Nyekundu: Na hilo nililiandika! Nina skrini shoti hapa, mstari wa tatu: "bei iwe 120,000". Kidole gumba!

Dada wa Sinza: Fundi, na hiyo nafasi ya "washiriki na" huwa inapotelea wapi? Na mimi imenitokea kwenye tangazo la kikoba, "wanachama na" ikawa "wanachamana".

Fundi Mabango: Ni kitufe cha Enter. Dizaina anataka mstari uishie kwenye "washiriki", anabonyeza Enter, "na" inashuka chini. Baadaye mtu anaongeza upana wa kisanduku au anapunguza herufi, anaifuta ile Enter ili mistari iungane. Nafasi haikuwepo pale tangu mwanzo, kwa hiyo maneno yanagandana. Ukitaka mstari ukatike, vuta ukingo wa kisanduku maneno yajipange yenyewe, Enter iachie aya mpya.

Na usitegemee ile mistari myekundu ya kukagua tahajia. Ikiwa imewekwa Kiingereza, kila neno la Kiswahili linapigiwa mstari, mtu anaizima kwa kero. Hata ingejua Kiswahili, "washirikina" ni neno halali, ingelipitisha. Hapo ni kusoma kwa sauti, tena uanzie slaidi ya mwisho urudi nyuma. Ukianza na ya kwanza kila siku, ukifika ya tano macho yameshachoka, na ya tano ndiko bei zinakokaa.

Mwisho, tarehe na hela nazisoma peke yake, maneno nayaacha kabisa. Nafungua ujumbe wa mteja upande mmoja na slaidi upande wa pili, naenda siku, tarehe, saa, bei, simu. Siku na tarehe nazifungulia kalenda hata kama nina uhakika. Jumamosi na Jumapili zinafanana sana kwa jicho linaloharakisha.

Mzee wa Kijiweni: Sasa mhariri, kama ulijua yote hayo kwa nini hukumzuia asiposti?

Kalamu Nyekundu: Nimzuie vipi? Funguo za akaunti anazo yeye! Kazi yangu ni kusoma na kuandika makosa. Nimesoma, nimeandika. Yeye hakurekebisha hata moja, halafu anakwenda mbele ya mteja anasema alipitia, kana kwamba makosa niliyapa baraka!

Fundi Mabango: Hapo ndipo ninapokuunga mkono asilimia zote. Kupitia si kuruhusu. Mimi siku hizi mwisho wa orodha naandika "isipostiwe mpaka nione toleo lililorekebishwa", na nisipoona toleo la pili najua hakuna kilichobadilika.

Mama Kadi: Nyie mnalia na Insta mnaweza kufuta. Mimi nachapa kadi za harusi. Bwana harusi mwenyewe kasaini nakala ya kwanza, tumechapa zote, zimegawiwa mpaka Tanga, ndipo mama yake anapiga simu kwamba jina la ukoo limekosewa. Nani kalipa? Mimi!

Dada wa Sinza: Mama Kadi, kama alisaini ungegoma.

Mama Kadi: Ungegoma wewe. Huyo bwana harusi ni mtoto wa dada yangu.

Kijana wa Data: Mimi bado nasema wafute yote waposti upya.

Mhasibu Mstaafu: Na wale walioshasevu posti ya zamani wakaitupia kwenye makundi ya WhatsApp? Hao wanabaki na 125,000 na Jumapili. Bora iachwe, kapsheni irekebishwe juu kabisa, na maoni ya marekebisho yabandikwe.

Fundi Mabango: Kapsheni wengi hawaisomi, Mhasibu. Picha ndiyo inayosambaa. Mimi ningefuta.

Mhasibu Mstaafu: Ukifuta, wanaokuja na ile ya zamani wataonekana waongo.

Mfugaji wa Mkundi: Samahani wakuu, hiyo semina nafasi bado zipo? Mimi nipo hapa hapa Morogoro, Jumamosi nina nafasi, Jumapili sina. Nilinunua vifaranga nikaambiwa ni mitetea watupu wa mayai, wamekua, karibu nusu wanawika.

Mama Kadi: Nusu wanawika? Una bahati. Wangu wote waliwika. Ulinunua kwa yule wa stendi?

Mfugaji wa Mkundi: Huyo huyo! Mwenye boksi la kijani. Kumbe mnamjua?

Dada wa Sinza: Nani hamjui yule. Kaka yangu alimrudishia majogoo akaambiwa chakula ndicho kimewabadilisha.