Video ya "Mlima Meru umelipuka" kwenye grupu la ukoo, bibi anataka kuhamishwa usiku huu

mtoto_wa_Soweto (Moshi):
Wakuu, habari za usiku. Tangu saa mbili grupu letu la ukoo halikaliki. Mama mkubwa ametuma video: mto wa moto mwekundu unashuka kwenye nyumba za watu, watu wanakimbia na magodoro kichwani, na mtu anapiga kelele kwa Kiswahili. Chini imeandikwa: "MLIMA MERU UMELIPUKA USIKU HUU. Wataalamu wamesema Arusha ihamwe ndani ya saa 24. Tuma kwa ndugu zako wote." Bibi yetu yuko Ngaramtoni, ana presha na magoti yanamsumbua. Mjomba ameshapata Noah ya kumleta huku, michango inaendelea. Mimi siiamini, ila ni mdogo pale na mama mkubwa ndiye mwenye neno. Nianzie wapi?

Dereva_Kwa_Mrombo:
Uongo mtupu. Ule mlima ulishakufa zamani, hauwezi kulipuka. Halafu angalia kama ina mishale miwili juu ya ujumbe. Ukiiona hiyo, futa.

Kisimiri_Juu:
Dereva, jibu umepata ila njia siyo. Meru haujafa, umelala. Mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910. Dogo akienda na "haiwezekani", atajibiwa na mjomba mmoja aliyesoma jiografia na mchezo umeisha. Na mishale miwili inaonyesha tu kwamba ujumbe umeshasambazwa mara tano au zaidi kabla ya kukufikia. Wa kweli unaweza kuwa nayo, na wa uongo unaweza kuikosa, kwa sababu mtu akiihifadhi video na kuituma upya, mishale inapotea.

Mtoto wa Soweto, kwanza mpigie jirani wa bibi. Usimuulize kama amesikia habari, maana na yeye yumo kwenye magrupu. Muulize ardhi imetikisika? Kuna majivu kwenye bati au kwenye majani ya migomba? Mwaka 2007, kabla ya Ol Doinyo Lengai kulipuka, matetemeko yalisikika mpaka Arusha mjini. Volkano ya kutosha kuhamisha jiji, mtu wa Ngaramtoni haisikii kwenye simu.

Pili, simamisha video mahali penye picha safi, ipige picha ya skrini, iingize Google Lens. Usichukue jibu la kwanza, tafuta tarehe ya zamani kuliko zote. Nahisi itakupeleka Goma, Mei 2021, Nyiragongo ulipolipuka. Sikiliza lafudhi ya anayepiga kelele, na tazama kama kuna mtu anasukuma chukudu, lile baiskeli la mbao. Arusha hatuna.

Ila Lens isipotoa kitu, usiseme ni ya kweli. Video ikikatwa pembeni au ikigeuzwa kushoto kulia, mara nyingi haipatikani.

mama_Kibosho:
Na mimi nisaidieni, nimetumiwa meseji "ile hela tuma kwenye namba hii", nami kweli nadaiwa na fundi. Ni yeye?

Kisimiri_Juu:
Shikamoo mama. Mpigie fundi kwa namba yake uliyokuwa nayo tangu zamani. Kama si yeye, iripoti 15040.

mtoto_wa_Soweto:
Jirani anasema nyota zinaonekana, bati safi, hakuna kilichotikisika. Lens imenipa video yenyewe, tarehe ni Mei 2021, Goma. Chukudu lipo, dakika ya pili. Sasa mama mkubwa?

mama_Kibosho:
Usimjibu kwenye grupu, mwanangu. Mpigie. Msalimie vizuri, mweleze ulichoambiwa na jirani, kisha mtumie ile video ya zamani aiweke yeye. Ukiiweka wewe, kesho ataleta nyingine ili akukomoe.

Dereva_Kwa_Mrombo:
Na mjomba amwambie mwenye Noah mapema, advansi hairudi kirahisi.

wa_Katesh:
Mnaongea vizuri, ila mimi nawapinga kidogo. Desemba 3, 2023, udongo uliposhuka toka Hanang, video za kwanza tulizotumiwa zilikuwa za kweli. Kilichokuwa si kweli ni maneno ya chini, wengi waliandika volkano, kumbe ni maporomoko ya tope baada ya mvua. Aliyekaa akipekua angekosea zaidi ya aliyekimbia.

Kisimiri_Juu:
Hapo una haki. Ndiyo maana nimesema simu ya jirani kwanza, haichukui hata dakika tano. Ila jirani asiposhika simu, sina jibu zuri. Mtu akiwa bondeni na mvua inanyesha, mimi ningemhamisha kwanza nikauliza baadaye.

mtoto_wa_Soweto:
Mama mkubwa ameiweka mwenyewe, na ameandika "tuwe makini jamani na hizi video". Mjomba bado anataka kwenda, anasema hela imeshachangwa. Bibi ndiye amegoma, anauliza ng'ombe watakamuliwa na nani.