Nimerudisha ruta yao kwa mkono wangu, wananiuliza nimeiokota wapi

Mzee wa Nyakato (mleta uzi):

Wadau, salamu baadaye. Nimetoka pale kaunta sasa hivi, niko kwenye daladala, mkono unatetemeka.

Mnawajua. Sihitaji kuwataja. Wale wa faiba, wenye mabango ya familia inacheka kwenye kochi jeupe. Mimi nahamia Sengerema mwisho wa mwezi, nikasema nifanye ustaarabu, nisitoroke na mali ya watu. Nikafungua ruta, nikaipangusa, nikaiweka kwenye mfuko pamoja na adapta yake na kile kiwaya cha njano. Nikakaa foleni saa nzima na dakika zake, nyuma ya mama mwenye mtoto anayenipaka biskuti kwenye suruali.

Nikafika. Binti akaichukua, akaigeuza, akakwangua sitika ya nyuma kwa ukucha wake mrefu. Ganda la yai la mjusi likadondoka juu ya kaunta. Akalitazama. Akanitazama. Akatazama kompyuta. Kisha kwa sauti ya mnadani: "Baba, hii umeiokota wapi?"

UMEIOKOTA WAPI. Mbele ya foleni nzima. Mtu wa miaka 54, nina wajukuu wawili, naokota ruta! Kwani ziwani zinavuliwa na dagaa?

Anasema siriali namba iliyoandikwa nyuma siyo iliyo kwenye sistimu yao. Ya kwao "haijarudi", kwa hiyo nailipia 160,000. Nikamwambia mwaka jana radi ilipiga, ruta ikanuka kama plastiki ya kuchoma, fundi wao akaja na pikipiki akabeba ile iliyoungua na kunifungia hii. Anasema sistimu haioni. Mimi naona! Fundi alisimama kwenye kochi langu na viatu!

Halafu bili ya mwisho. Nalipa 75,000 kwa mwezi, bili inaanza tarehe 5. Nilipiga simu tarehe 2 kusema nafunga. Wanasema simu haihesabiki, wanahesabu siku 30 tangu nisaini fomu ofisini, tarehe 11. Kwa hiyo 75,000, na siku 7 za juu yake 17,500, na ruta 160,000. Jumla 252,500. Kwa kitu ambacho sikitumii na nimekileta mwenyewe.

Umeiokota wapi. Mama wa biskuti naye akacheka.

Sato Mbichi:
Mkuu, swali la msingi hujajibu. Umeiokota wapi? 😂😂

Ng'wana Igoma:
Yai la mjusi lilikuwa limeanguliwa au bado? Maana kama bado, nalo lilipaswa kurudishwa ofisini.

Kijana wa Mabatini:
Usilipe hata mia. Kaa kimya tu, kifurushi kikiisha wanakata wenyewe. Mimi nimefanya hivyo mara mbili, hakuna aliyenitafuta.

Fundi Waya:
Kijana, wewe ulikuwa unalipa kabla ya kutumia, ruta ya laini. Huo hauna deni, ukiacha kulipa unazima. Mzee ana mkataba wa kutumia kwanza, bili baadaye. Akikaa kimya bili ya mwezi mwingine inazaliwa, na mwingine, mpaka amkute mkusanya madeni Sengerema. Usimpotoshe.

Mleta uzi, nisikilize, hii kazi nimeifanya. Faiba haikubali kifaa chochote tu unachochomeka. Mtambo wao kule lazima ukitambue kwa siriali namba ndipo ukupe intaneti. Ndiyo maana fundi akibadilisha kifaa, taa iliyoandikwa PON inapepesa-pepesa mpaka apige simu ofisini asome namba, wamsajilie, ndipo inatulia. Kumbuka vizuri: siku ile fundi alisoma namba kwenye simu?

Mzee wa Nyakato:
ALISOMA! Akiwa juu ya kochi! Alirudia mara tatu kwa sababu mvua ilikuwa inapiga bati.

Fundi Waya:
Basi umepona nusu. Watu wa mtambo wanayo namba ya hiyo ruta, la sivyo usingepata intaneti hata siku moja. Kilichotokea ni kwamba stoo haikuambiwa. Fundi alitakiwa arudishe iliyoungua stoo pamoja na karatasi ya kazi yenye namba mbili, ya zamani na mpya. Karatasi ikabaki kwenye buti la pikipiki. Stoo na mtambo havisalimiani, na binti wa kaunta anaona ya stoo tu.

Rudi, usibishane naye. Omba akufungulie malalamiko yenye namba, aandike hivi: "Kitengo cha mtambo kithibitishe siriali namba iliyokuwa hewani kwenye akaunti yangu." Piga picha ya sitika. Na ruta usiiache pale bila karatasi yenye muhuri na siriali namba juu yake. Ulirudi nayo nyumbani?

Mzee wa Nyakato:
Ninayo hapa mapajani. Kondakta ananitazama kama nimeiokota.

Dada Pasiansi:
Fundi, kidogo tu. Kwangu vifaa vilikuwa viwili, kiboksi cha faiba na ruta ya antena pembeni. Walisema mtambo unakijua kiboksi, ruta ni mambo ya stoo. Sasa kama mzee alibadilishiwa ruta ya pembeni?

Fundi Waya:
Dada ana hoja. Hapo ushahidi unapungua. Mzee, kwako vilikuwa vingapi?

Mzee wa Nyakato:
Kimoja. Ila sasa mmenitia wasiwasi, kuna kiboksi cheupe bado kimegongomelewa ukutani nyuma ya kabati.

Fundi Waya:
Kina waya wa umeme? Kama hakina, ni cha kuungia waya tu, kiache hapo hapo. Kama kinachomekwa kwenye umeme, kuna mazungumzo mengine.

Na hiyo 17,500 ya siku 7 sikushauri uipiganie. Mikataba mingi inataka taarifa ya maandishi, na wewe ulipiga simu. Lipa 92,500 peke yake, uandikiwe risiti kuwa ni ya huduma, ile 160,000 ibaki kwenye malalamiko. Ukilipa yote ili ufunge, kuirudisha ni kazi ya kanisa.

Mama Kirumba:
TCRA wana ofisi hapa hapa Mwanza. Ila watakuuliza kwanza namba ya malalamiko uliyopewa na kampuni, usiende mikono mitupu.

Sato Mbichi:
Hiyo ruta unauza shilingi ngapi? Nina 20,000.

Mzee wa Nyakato:
Wewe usinichokoze. Binti alivyosema "baba", alitamka kwa heshima kabisa! Ndilo linaloniuma. "Baba, umeiokota wapi." Afadhali angenitukana.

Kijana wa Mabatini:
Mimi nilirudisha kisimbuzi mwaka juzi wakanidai rimoti. Rimoti! Nikanunua ya kariakoo nikawapa, wakaipokea bila kuigeuza.

Mama Kirumba:
Afadhali yenu. Mimi nimeletewa bili ya maji ya nyumba niliyohama, na mpangaji mpya anaoga asubuhi na jioni.

Ng'wana Igoma:
Mzee anahamia Sengerema, ana bahati, daraja la Busisi lipo. Zamani ungelala Kigongo unasubiri pantoni na hiyo ruta mapajani.

Muuza Samaki Kigongo:
Bahati ya nani? Sisi tuliokuwa tunauza samaki wa kukaanga kwenye foleni ya pantoni tunamlalamikia nani? Magari yanapita juu wala hayapungui mwendo.

Sato Mbichi:
Ulikuwa unauza sato kipande elfu 5, mkia mtupu. Acha wapite.

Muuza Samaki Kigongo:
Mkia gani? Kama wewe ndiye yule wa noa ya bluu, una deni langu la vipande viwili.